Barua ya Mhasibu Anayeaga: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Barua ya mhasibu anayeacha kazi husomwa mara mbili. Mara ya kwanza anaisoma mkurugenzi siku anayokabidhiwa, akitafuta sababu. Mara ya pili inachomolewa kwenye faili miezi kadhaa baadaye, pengine na mkaguzi wa hesabu, pengine na mhasibu mpya aliyekwama, wakitafuta tarehe aliyoondoka na alichokiacha mezani. Maneno matamu yanasaidia kidogo kwenye usomaji wa kwanza. Kwenye usomaji wa pili hayasaidii chochote. Kwa hiyo anayetaka kumuaga vizuri mwajiri aliyemtendea wema aandike barua itakayosimama mara zote mbili, na ajue kwamba shukrani ya mhasibu inaonekana kwenye tarehe na kwenye hesabu alizozifunga.

Nachukua mfano wa Tunduma, kwa sababu mpakani makosa ya mhasibu anayeondoka hulipwa haraka. Mhasibu wetu ni dada mmoja aliyeajiriwa kutoka Iringa na kampuni ya uwakala wa forodha, mojawapo ya zile zinazopitisha mizigo ya Zambia na Kongo kwenye kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde. Analipwa kwa mwezi, mkataba wake hauna kikomo, na mwajiri wake ni mtu mwema: mshahara haujawahi kuchelewa, na ada za mitihani yake ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, zimetoka mfukoni mwa kampuni. Sasa kampuni ya kahawa ya Mlowo, wilayani Mbozi, inamtaka awe mhasibu mkuu kuanzia tarehe 1 Julai, msimu ukiwa umeanza kuchanganya. Hana ugomvi na mtu. Anakwenda kwenye kazi kubwa zaidi.

Usiandike neno kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote mbili.

Ahadi ya simu si ajira. Wala ujumbe wa "karibu sana, tunakusubiri" si ajira. Notisi ikishapokelewa, huna haki ya kuirudisha mfukoni. Kurudi kwako kutategemea hisani ya mwajiri, na huenda kiti chako kimeshaahidiwa mtu.

Soma mkataba wako wa sasa kabla ya kusoma sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kiwango cha chini: anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza wa ajira, atoe notisi ya siku zisizopungua 28. Wengi wanaishia hapo na kuchukua kalenda. Lakini mkataba unaweza kutaka zaidi, mwezi mzima au hata miezi mitatu, mradi muda huo uwabane mwajiri na mwajiriwa kwa usawa. Ukitoa siku 28 pale mkataba unaposema miezi mitatu, umevunja mkataba, hata barua yako iwe na shukrani za kurasa nne.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Kama mkataba wako ni wa muda maalumu, tuseme miaka miwili, notisi peke yake haikutoi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema kwamba aliye kwenye mkataba wa namna hiyo anaweza kujiuzulu pale tu mwajiri anapovunja mkataba kwa jambo la msingi. Bila hivyo inabidi mwajiri akubali uishe mapema. Mtu wa namna hii haandiki notisi. Anaandika ombi, anasubiri jibu la maandishi, na hasaini popote pengine mpaka jibu hilo limefika. Mhasibu wetu ana mkataba usio na kikomo, kwa hiyo njia yake iko wazi, na mkataba wake unarudia siku 28 zilezile za sheria.

Usichague siku ya mwisho kwa kuhesabu siku 28 tu. Ichague kwa kalenda ya kodi.

Hapa ndipo uungwana wa mhasibu unapotofautiana na wa mtu wa stoo au wa mapokezi, na naomba tukae kidogo.

Tuseme anakabidhi barua tarehe 25 Mei. Akianza kuhesabu kesho yake, siku ya 28 inaangukia tarehe 22 Juni. Kisheria ametimiza, na anaweza kwenda kupumzika Iringa wiki nzima kabla ya kuripoti Mlowo. Sasa atazame kalenda. Kodi ya mishahara ya Mei inalipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, yaani kufikia tarehe 7 Juni, hiyo ataiwahi. Ritani ya kodi ya ongezeko la thamani ya Mei inatakiwa kufikia tarehe 20 Juni. Hiyo nayo ataiwahi. Lakini mwaka wa hesabu wa kampuni unaishia Desemba, na ritani ya kodi ya mapato ya mwaka uliopita, pamoja na hesabu zilizokaguliwa, inatakiwa ndani ya miezi sita. Mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Siku hiyohiyo ndiyo mwisho wa kulipa awamu ya pili ya kodi ya makadirio ya mwaka huu.

Akiondoka tarehe 22, anamwachia mkurugenzi siku nane, mkaguzi mwenye maswali, na hesabu za mwaka ambazo yeye peke yake anajua kila tarakimu ilikotoka. Hakuna sheria aliyovunja, na hakuna shukrani itakayofuta alichofanya. Kwa hiyo siku yake ya mwisho iwe tarehe 30 Juni. Notisi inakuwa ya siku 36 badala ya 28, na kazi ya Mlowo inaanza kesho yake kama ilivyopangwa. Amepoteza mapumziko ya wiki moja. Mwajiri mwema anastahili wiki hiyo.

Kinyume chake ni kosa pia. Usijipachike miezi minne ya kuaga kwa kuona aibu. Kila mwezi una tarehe 7 yake na tarehe 20 yake. Ukisubiri mwezi usio na kazi ya kodi hutaondoka kamwe. Chagua mahali ambapo kazi kubwa iliyoanza mikononi mwako inaishia, kisha simama hapo.

Na usipange kuimaliza notisi ukiwa likizo. Sheria inakataza notisi kutolewa wakati wa likizo au kwenda sambamba na likizo. Siku za likizo ulizobakiza zinalipwa kwa fedha mwishoni.

Lipa deni la masomo kabla halijatajwa.

Waajiri wema ndio wanaosomesha, na wanaosomesha mara nyingi huandikishana. Mhasibu wetu alisaini makubaliano kwamba kampuni italipa shilingi 1,200,000 za masomo na mitihani, naye atabaki kazini miezi 24 kuanzia Januari ya mwaka jana. Akiondoka kabla, atarudisha sehemu ya miezi iliyobaki. Anaondoka mwishoni mwa Juni, miezi sita kabla ya muda. Sita kati ya 24 ni robo, na robo ya 1,200,000 ni 300,000.

Wapo wanaonyamaza wakiomba Mungu karatasi ile iwe imepotea. Mhasibu anayetunza kila karatasi ya kampuni na kutumaini ipotee ile moja inayomhusu mwenyewe amejivunjia heshima ya taaluma kabla hajafika mlangoni. Piga hesabu mwenyewe, itaje kwenye barua, na utoe idhini ya maandishi ikatwe kwenye malipo yako ya mwisho, kwa sababu mwajiri hawezi kukata deni la aina hiyo kwenye mshahara bila wewe kukubali kwa maandishi. Mkurugenzi akiamua kukusamehe, huo ni wema wake mwingine. Usiuombe.

Sema kwa mdomo kwanza, kisha kabidhi karatasi papo hapo.

Tunduma ni mji wa barabara moja kubwa na watu wanaojuana. Dereva akisikia asubuhi kwamba mhasibu anahama, mchana habari iko kwa wabadilisha fedha, na jioni imevuka mpaka. Mkurugenzi asisikie kutoka huko. Usimwambie karani wako, usimwambie rafiki wa benki, usiandike kwenye kundi la simu. Ingia ofisini kwake ukiwa na barua iliyochapwa na kusainiwa, nakala mbili, mlango ukiwa umefungwa.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji hotuba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na karatasi asubuhi yote hii?"

"Mzee, nimepata kazi ya mhasibu mkuu kwenye kampuni ya kahawa Mlowo. Nimeikubali. Nimekuja kukuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu, na barua yangu ni hii. Nitakuwa hapa mpaka tarehe 30 Juni, ritani ya mwaka iwe imeshaingia."

Mzee atanyamaza kidogo, kisha atauliza swali ambalo waajiri wengi wema huuliza: "Wanakupa ngapi? Nikikuongezea?"

"Mzee, sikuja kupandisha bei. Ungenilipa vibaya ningekwambia zamani. Nimeshasaini."

Jibu liishie hapo. Usitaje mshahara mpya, maana ukiutaja umefungua mnada. Kama ulikuwa tayari kubaki kwa nyongeza, ulipaswa kuomba nyongeza, na barua ya kuacha kazi si chombo cha kuombea. Mhasibu anayetoa notisi, akapandishiwa, akabaki, ataendelea kushika funguo za sefu machoni mwa mtu asiyejua tena lini ataondoka.

Kabla ya kutoka, omba aandike "imepokelewa" kwenye nakala yako, tarehe na saini. Hilo si kutomwamini. Notisi inahesabiwa kutoka tarehe ile, na wewe ndiye uliyemfundisha kila karani ofisini kwamba kisicho na saini ya kupokelewa hakijapokelewa.

Usiandike "naomba kuacha kazi".

Ni mazoea ya adabu zetu, na hapa yanaharibu. Ombi linaweza kukataliwa au kuwekwa kwenye trei likingoja jibu. Mwenye mkataba usio na kikomo anatoa taarifa, na taarifa haingoji kukubaliwa. Andika "natoa taarifa". Upole wako utaonekana kwenye sentensi nyingine.

Toa sababu ya kweli kwa sentensi moja.

Sheria inataka notisi iwe ya maandishi, iseme sababu na tarehe iliyotolewa. Usijifiche nyuma ya "sababu za kifamilia" wakati kila mtu atakuona Mlowo mwezi ujao ukiwa umeketi kwenye kiti cha mhasibu mkuu. Uongo mdogo wa namna hiyo unamfanya mwajiri ajiulize ni nini kingine ulichomwandikia kisichokuwa kweli, na wewe ndiye uliyemwandikia hesabu zake zote. Taja cheo unachokwenda. Usitaje mshahara, nyumba wala gari. Usifananishe kampuni mbili.

Kama unakwenda kwa mshindani, wakala mwingine wa forodha pale pale Tunduma anayewania wateja walewale, mwambie mkurugenzi kwa mdomo siku hiyohiyo ili akiamua kukuondoa mapema kwenye bei za wateja na mikataba, aweze. Anaweza hata kukulipa mshahara wa muda wa notisi na kukuruhusu uende leo. Usichukie. Sheria inamruhusu, na ungekuwa wewe ungefanya hivyo.

Shukuru kwa vitu vinavyoonekana.

"Nashukuru kwa ushirikiano mzuri" inaandikwa hata na aliyefukuzwa. Taja mambo mawili yaliyotokea kweli, ambayo mkurugenzi akiyasoma atayakumbuka. Mawili yanatosha. Na usiongeze malalamiko hata moja mwishoni, hata likiwa dogo, hata likiwa kweli. Kama kuna madai halisi, mshahara usiolipwa au makato yasiyo halali, yana barua yake na yana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hayachanganywi na kuaga.

Barua ya mhasibu wetu ikikamilika inasomeka hivi, chini ya anwani na tarehe 25 Mei:

> Ndugu Mkurugenzi,
>
> YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI
>
> Natoa taarifa kwamba ninaacha kazi ya uhasibu katika kampuni hii. Taarifa naitoa leo, tarehe 25 Mei, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 30 Juni.
>
> Sababu ni kwamba nimepata nafasi ya mhasibu mkuu katika kampuni ya kahawa, yenye majukumu makubwa kuliko niliyonayo sasa.
>
> Nakushukuru kwa kunilipia mitihani ya NBAA na kunipa siku za kuifanya bila kunikata mshahara. Nakushukuru pia kwa kunifanya mtia saini wa benki nikiwa bado mhasibu mdogo. Imani hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi.
>
> Kwa makubaliano yetu ya masomo, nimebakiza miezi sita kati ya 24, sawa na shilingi 300,000. Nakubali kiasi hicho kikatwe kwenye malipo yangu ya mwisho.
>
> Kabla ya kuondoka nitawasilisha ritani zote zinazotakiwa kufikia tarehe 30 Juni. Nitaanza makabidhiano tarehe 15 Juni kwa yeyote utakayemteua, na tutahesabu fedha zote mbele yako tarehe 30 Juni.
>
> Naomba niandaliwe malipo ya likizo ambayo sijachukua, nauli ya kurudi mahali nilipoajiriwa, na cheti cha utumishi.
>
> Wako katika kazi,

Ukurasa mmoja. Hauna "familia yangu ya pili", hauna methali, na hauna neno litakalomtia aibu mtu yeyote likisomwa mbele ya mkaguzi.

Dai haki yako, na usidai isiyo yako.

Unapoondoka kwa hiari baada ya notisi, unastahili mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo usiyochukua, na cheti cha utumishi. Kama uliajiriwa mahali pengine, suala la kusafirishwa kurudi huko nalo linahusika. Likizo iliyokusanyika katikati ya mwaka inapigwa kwa siku moja kwa kila siku 13 za ajira. Kuanzia Januari hadi Juni ni siku 181. Ukigawa kwa 13 unapata karibu siku 14, nusu ya siku 28 za likizo ya mwaka. Piga hesabu hiyo mwenyewe na umwoneshe anayeandaa malipo.

Usidai kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka wa kazi. Hicho ni cha aliyeachishwa na mwajiri, si cha aliyejiondokea, isipokuwa mkataba wako umesema vingine. Mhasibu anajua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote ofisini, kwa sababu yeye ndiye aliyeandaa malipo ya wengine. Na namba yako ya uanachama wa NSSF unahama nayo. Usifungue nyingine Mlowo.

Usikabidhi maneno. Kabidhi fedha zilizohesabiwa na karatasi zilizosainiwa.

Barua imeahidi makabidhiano, na ahadi hiyo ndiyo moyo wake. Anzeni na sefu.

Tuseme daftari la peti keshi linaonesha 2,400,000. Mnafungua sefu, mnahesabu noti na sarafu: 1,515,000. Kuna hati za malipo ambazo hazijaingizwa daftarini, za mafuta, maegesho na posho za madereva, jumla 640,000. Chini kabisa, zimefungwa kwa mpira, kuna vikaratasi vya wafanyakazi waliokopa: "nimechukua 50, nitarudisha mwisho wa mwezi". Jumla yake 245,000. Mkijumlisha vyote mnapata 2,400,000 kamili, na mhasibu mzembe atafurahi kwamba sefu imelingana.

Haijalingana. Hati za 640,000 ni matumizi. Ziingizwe daftarini leo na stakabadhi zake. Vikaratasi vya 245,000 si fedha wala si matumizi. Ni madeni ya watu, na mara nyingi watu hao walikopeshwa na mhasibu kwa uso wake, si na kampuni. Wewe ukiondoka, hakuna atakayelipa. Kwa hiyo wiki mbili kabla, mwite kila mmoja: alipe, au mkurugenzi akubali kwa saini deni liingizwe kwenye mshahara wake kwa idhini yake, au ulipe wewe. Hakuna njia ya nne.

Kwacha zilizomo kwenye sefu ziandikwe kwa idadi yake ya kwacha. Ukiandika thamani ya shilingi pekee, bei ya kubadilisha ikisogea kesho mrithi wako ataonekana ana upungufu au ziada asiyoijua. Dola vivyo hivyo.

Kisha masurufu ya madereva walioko njiani. Gari lililotoka kwenda Lubumbashi huenda lisirudi kabla ya tarehe 30, na dereva ameshika fedha za kampuni. Orodhesha jina, namba ya gari, kiasi na tarehe aliyochukua. Dereva akirudi Julai akasema "nilishamrudishia dada mhasibu kabla hajaondoka", karatasi hiyo itakulinda wewe na itamlinda mwajiri.

Kuna orodha moja ambayo wahasibu wengi wa mpakani huisahau kwa kudhani ni kazi ya watu wa nyaraka: bondi zilizo wazi. Mzigo wa kupita nchini huenda chini ya dhamana, na dhamana inaachiliwa baada ya forodha kuthibitisha kwamba mzigo umetoka nchini. Mzigo usipothibitishwa, kodi yake inaweza kudaiwa kwa aliyeweka dhamana. Deni hilo halionekani kwenye daftari lolote mpaka siku linapodaiwa. Kaa na mtu wa nyaraka, pitieni mzigo mmoja mmoja, na muache orodha ya yote ambayo uthibitisho wake bado, mkiwa mmesaini nyote wawili. Ukifanya jambo moja tu zaidi ya wajibu wako kabla ya kuondoka, liwe hili.

Na ukikuta kosa lako, au la mtu mwingine, liandike kwenye ripoti ya makabidhiano na kiasi chake. Usinyamaze ili kuaga kuwe kutamu. Usuluhishi wa benki wenye kiasi kisichoelezeka uachwe ukisema hivyo wazi, si umefungwa kwa ingizo la kubuni ili ulingane.

Jitoe kwenye saini, na kwenye simu.

Siku ya mwisho barua ya kukuondoa kwenye utiaji saini iende benki ikiwa imesainiwa na wenye mamlaka, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Mpaka mhuri huo ugongwe, hundi ikipita kwa saini yako ukiwa Mlowo, jina lako liko ndani.

Simu ndiyo inayosahaulika zaidi. Kampuni ndogo nyingi zimesajili namba ya simu ya mhasibu kwenye mfumo wa TRA na wa benki, na namba za siri za kuingilia zinatumwa huko. Mhasibu akiondoka nayo, mkurugenzi anagundua tarehe 6 Julai usiku, kodi ya mishahara ikitakiwa kesho, kwamba namba ya siri inaingia kwenye simu iliyoko Mbozi. Badilisheni namba na barua pepe wiki ya mwisho, kisha mrithi wako aingie mwenyewe kwenye kila mfumo ukiwa umesimama pembeni, usiguse kitufe. Kama amekwama, hamjamaliza.

Usiondoke na faili.

Orodha ya wateja, bei wanazotozwa, mishahara ya wenzako, hata jedwali ulilolitengeneza mwenyewe kwa mikesha, vyote ni vya kampuni. Kanuni za maadili ya taaluma zinaufunga mdomo wa mhasibu hata baada ya ajira kwisha. Ujuzi wa kutengeneza jedwali unahama nao. Tarakimu zilizomo hapana. Mwajiri mpya akikuuliza, hata kwa kupita, yule wa Tunduma anamtoza nani kiasi gani, jibu ni kwamba hujui. Kama ana busara ataelewa kwamba hata za kwake hutazitoa.

Pokea simu, lakini kwa mpaka.

Mrithi wako atapiga. Pokea, baada ya saa za kazi, kwa mwezi wa Julai. Jibu "faili liko wapi" na "ingizo hili lilikuwa la nini". Usiingie kwenye mfumo wao kumsaidia, usipitishe malipo, usisaini chochote kwa tarehe ya nyuma, hata Mzee mwenyewe akikuomba kwa upole. Ritani ya ongezeko la thamani ya Juni, inayotakiwa kufikia tarehe 20 Julai, ataiwasilisha mrithi kwa nyaraka ulizomwachia zikiwa zimepangwa kwa tarehe.

Mwaka ujao mkaguzi atakapofika kwenye hesabu za Januari hadi Juni, atakutana na saini yako na huenda akakutafuta moja kwa moja. Mwambie alete maswali yake kupitia kwa mkurugenzi, kwa maandishi. Ukipata ridhaa ya mkurugenzi, mjibu yote kwa maandishi, ukitaja namba ya hati na ukurasa wa ripoti ya makabidhiano, na nakala ya jibu umpelekee Mzee.